Mita Mia Tatu na Themanini za Mtakuja

Tangu saa mbili asubuhi Nasrin alikuwa akikaa, akisimama, akienda dirishani na kurudi, mpaka kiti chenyewe kikachoka. Chai yake ilipoa ikafanya utando. Mbele yake, kwenye kioo cha kompyuta, ilinyooka barabara ya changarawe ya Fukayosi, kutoka lami mpaka kitongoji cha Kwa Msabaha, na juu yake nukta nyekundu thelathini na moja. Kila nukta ni kalavati, bomba la kupitishia maji chini ya barabara. Na nukta hizo, Mungu amsamehe, zilikuwa zinamkera.

Hazikukaa juu ya vijito. Kwenye picha ya satelaiti ulionekana wazi mkunjo wa kijani pale maji yanapokatiza barabara, na nukta ingekuwa palepale kwenye mkunjo kama mambo yangekuwa sawa. Lakini kwa kilomita saba za kwanza nukta zilibaki nyuma ya vijito, na kila ukienda mbele zilizidi kubaki nyuma. Ukipita Mtakuja, penye msikiti, mambo yaligeuka ghafla: nukta zikavitangulia vijito kwa zaidi ya mita mia mbili, halafu zikaanza kuvirudia pole pole, na mwisho wa barabara zikawa sawasawa kabisa. Nasrin aliyaona hayo wiki mbili zilizopita. Akajiambia picha ni ya zamani, vijito huhama. Akajitia hamnazo, akapeleka ramani kwa mkandarasi.

Na kujitia hamnazo kwake kulikuwa na sababu. Mkataba wake wa majaribio katika ile ofisi ndogo ya barabara za vijijini pale Bagamoyo ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili, na ramani hii ndiyo iliyokuwa imempa sifa. Injinia Abdulwahab, mkuu wake, alimwita mbele ya watu akamwambia hajawahi kuona kazi safi kama ile. Mtu akishasifiwa hivyo hatafuti doa kwenye nguo yake mwenyewe.

Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Mzee Mwinshehe, msimamizi wa barabara aliyetumikia ofisi miaka thelathini na mmoja na aliyetarajiwa kustaafu mwisho wa mwezi, aliitembea barabara nzima kwa miguu, akisukuma gurudumu la kupimia, lile lenye mpini mrefu na kaunta inayohesabu mita. Kila alipokuta kalavati aliandika kwenye daftari: namba yake, idadi ya mabomba, hali yake, lina kasoro upande gani, kushoto au kulia ukiwa umeipa lami mgongo. Na mwanzo wa kila mstari aliandika cheneji, yaani umbali kutoka sifuri, pale barabara inapoachana na lami. Nasrin akachukua mstari wa kati wa barabara kwenye kompyuta, akaupa mita zake kuanzia sifuri ileile, akaipa programu daftari la mzee. Programu ikatembea juu ya mstari ikiangusha nukta moja moja. Haijui kijito wala mti. Inajua pa kuanzia, inajua upande wa kwenda, na inajua kuhesabu.

Kulikuwa na kikwazo kimoja tu. Daftari la mzee lilisema barabara inaishia kilomita kumi na nane na mita mia saba na sitini. Mstari wa kompyuta ulikuwa na kilomita kumi na nane na mita mia tatu na themanini. Nasrin hakuona tatizo. Gurudumu hupanda mawe, hushuka mashimo, hupinda. Mstari wa ramani hukata kona. Akaziweka sawa mita za mstari ili mwisho wake usome kama daftari linavyosoma, na programu ikaivuta hesabu kwa usawa barabara nzima, kama sentimita mbili kwa kila mita. Mwanzo ukagusa mwanzo, mwisho ukagusa mwisho. Akajipongeza kwa soda baridi.

Saa tatu na robo simu yake ilitetemeka. Ni picha kutoka kwa Twalha, fomeni wa mkandarasi, na chini yake maneno: *Kumi na mbili tumelipata kirahisi, GPS imetuleta hapohapo. Vijana wanaanza kuziba. Nimekuja lami kuchukua saruji.*

Nasrin akaivuta picha kwa vidole viwili. Kalavati. Bomba moja, zima, mdomo wake mpana, majani pembeni, na maji membamba yakipita katikati. Akafungua daftari la Mzee Mwinshehe haraka. Namba kumi na mbili, cheneji kilomita nane na mita mia nne na ishirini: *mabomba mawili, la kulia limepasuka, barabara imebonyea. Lizibwe.* Mstari wa chini yake, namba kumi na tatu: *bomba moja, zima. Linapokea maji ya mfereji mpya. Lisafishwe kabla ya masika.*

Kalavati la kwenye picha lilikuwa kumi na tatu. Na kumi na tatu lilikuwa kalavati la Bi Sada.

Bi Sada alikuja ofisini mwezi uliopita, mama mtu mzima wa Kwa Msabaha, na mtandio wake mweupe na mwavuli. Nyumba yake iko chini kidogo ya barabara, upande wa kushoto, upande maji yanakotoka. Masika iliyopita maji yalimwingilia mpaka kitandani, akawapandisha wajukuu wanne juu ya kabati. Ndipo ukachimbwa mfereji wa kuyatoa maji kwenye kalavati bovu, kumi na mbili, na kuyapeleka kwenye zima, kumi na tatu. Nasrin alimkalisha Bi Sada kwenye kiti chake mwenyewe, akamwonyesha kwenye kioo: nyumba yako hii, mama, kalavati lako hili. Yule mama akatazama ile nukta kwa muda mrefu.

"Haya mwanangu. Basi msije mkanizibia hilo."

"Mama, haiwezekani. Mimi ndiye ninayeiweka ramani."

Sasa alimpigia Twalha mara tano. Simu haipatikani, ukishaiacha lami hakuna mtandao mpaka urudi. Injinia Abdulwahab alikuwa Kibaha kwenye kikao. Nje, upande wa bara, mawingu yalikuwa yamekaa tangu jana, na watu waliotoka huko asubuhi walisema imenyesha vizuri. Nasrin akatoka mbio na daftari kifuani, akamkuta Mzee Mwinshehe kwenye kivuli cha pikapu ya ofisi, akisugua matope makavu kwenye lile gurudumu kabla ya kulikabidhi stoo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona unahema, umefukuzwa?"

"Babu, wanaziba kumi na tatu."

Mzee akaitazama picha kwa jicho moja, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Hakuuliza swali la pili. Akalitupa gurudumu nyuma ya pikapu, akaingia upande wa usukani.

Waliacha mji, wakashika lami ya kwenda Msata, na mzee aliendesha kama mtu aliyesahau umri wake. Nasrin alishindwa kutulia. Alifunga mkanda, akaufungua kuokota daftari, akaufunga. Alipiga simu, akapiga tena. Alihesabu kwenye simu, akafuta, akahesabu upya. Tofauti ilikuwa ileile kila mara: mia tatu na themanini.

"Babu, ulivyopima, gurudumu lilikuwa zima?"

"Gurudumu zima, na mimi mzima. Miaka thelathini na mmoja sijapimiwa kazi yangu upya na mtu."

"Sisemi hivyo."

"Unasema hivyohivyo."

Kumuuliza mzee wa watu kama amekosea, siku chache kabla hajaagwa kwa keki na zawadi ya saa ya ukutani, si jambo jepesi. Lakini alimwona Bi Sada anapandisha wajukuu kabatini, akapiga moyo konde.

"Kabla ya Mtakuja nukta zinakwenda upande mmoja. Baada ya Mtakuja zinakwenda upande mwingine. Kuna kitu kilitokea Mtakuja, babu. Siku ile mlipofika pale ilikuwaje?"

"Itokee nini? Ilikuwa Ijumaa. Adhana ikalia, tukaingia msikitini, tukaswali, tukatoka, tukaendelea."

"Na gurudumu?"

"Niliache barabarani liibiwe? Nilikwenda nalo."

"Ulilibeba?"

Mzee Mwinshehe akabadilisha gia. Wakaipita njia panda ya Fukayosi, wakakata kulia kuingia kwenye changarawe, na pikapu ikaanza kurukaruka. Wakaenda hivyo kilomita saba. Msikiti wa Mtakuja haupo kando ya barabara; umeingia ndani kwa kinjia cha mchanga kati ya mikorosho. Walipokifikia kinjia hicho mzee alipunguza mwendo akakitazama chote, mpaka kule mwisho ulikoonekana ukuta wa chokaa.

"Nilikuwa nalisukuma," akasema. "Kwenda na kurudi. Nilikuwa nina haraka na hotuba. Kuna kidude cha kufungia kaunta, sikukifunga. Laa ilaha illallah."

Nasrin hakufurahi kuwa amegundua. Alijisikia kama mtu aliyemvua babu yake kanzu barabarani.

Hawakupata nafasi ya kusema zaidi. Mita mia tisa hivi mbele, barabara ilikuwa imebonyea katikati, na chini yake mabomba mawili, la kulia limepasuka mdomo wote. Hakukuwa na mtu.

"Kumi na mbili hii hapa," alisema mzee. "Na hakuna hata koleo."

Watu walikuwa mbele, wanaonekana. Lori dogo, lundo la mawe, vijana wanne, na Twalha mwenyewe, kijana mnene wa kofia ya njano, ameshika kiuno. Upande wa kulia, kule maji yanakomwagikia, mdomo wa kalavati ulikuwa umejengwa kwa mawe na saruji mpaka juu, mbichi bado. Upande wa kushoto walikuwa wamefika nusu. Na maji yaliyokuwa membamba kwenye picha yalikuwa yamenenepa: rangi ya chai ya maziwa, yamesimama mfereji mzima, yamegusa mzizi wa kwanza wa mgomba wa Bi Sada. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama shambani, jembe mkononi, anayatazama. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Simamisheni!" Nasrin aliruka kabla pikapu haijasimama sawasawa. "Siyo hili! Hili kumi na tatu, hili lisafishwe!"

Twalha akatoa simu yake, akamwonyesha. "Dada, nukta yenu hiyo, na mimi huyu. Tofauti mita moja. Makalavati haya hayana namba, namba zenu za rangi ziliishia kalavati la kumi."

"Ramani imekosea. Toeni mawe."

"Nitoe mawe niliyoagizwa niyaweke? Kesho nikiambiwa nimebomoa kazi nitamjibu nani?" Hakuwa na ubaya, alikuwa mtu aliyewahi kuumwa na nyoka huyu. Akaenda kwenye lori, akarudi na kitabu cha maelekezo ya kazi, kile chenye karatasi za nakala. "Niandikieni hapa. Libomolewe, kwa sababu gani, kosa la nani, na sahihi. Nikipata hiyo, dakika kumi tu." Kisha akaongeza, kama anayejitetea: "Wallahi ningefika nikakuta vichaka, nisingejenga kitu. Ningerudi lami nikakupigia. Lakini nimekuta kalavati. Unalikataaje kalavati ulilolikuta?"

Mzee Mwinshehe alikuwa ameshakichukua kitabu. Akakiweka juu ya boneti ya pikapu, akavaa miwani, akaandika kwa mwandiko wake wa kulala, akitamka kila neno kwa sauti ili wote wasikie. Kalavati hili libomolewe mawe mara moja. Vipimo vilizidi mita mia tatu na themanini kuanzia Mtakuja. Kosa ni la Mwinshehe. Akatia sahihi.

Basi ilikuwa imekwisha. Twalha akanyoosha mkono apokee kitabu. Na Nasrin angeweza kunyamaza. Hakuna mtu pale, wala ofisini, ambaye angejua. Lakini maneno ya Twalha yalikuwa yamemwingia yakakwama. Ningekuta vichaka.

Alihesabu kichwani, haraka, miguu ikiwa haitaki kusimama. Daftari la mzee: mita elfu nane mia nne na ishirini. Kama asingeuvuta mstari, nukta ya kumi na mbili ingeangukia hapo, mita mia moja na sabini mbele ya kalavati hili, kwenye vichaka vitupu. Twalha angekuna kichwa, angepiga simu, na yote yangejulikana kwa gharama ya vocha. Lakini yeye aliuvuta. Elfu nane mia nne na ishirini ikawa kama elfu nane mia mbili na hamsini. Ikamrudisha Twalha nyuma, pole pole, mpaka ikamsimamisha juu ya kalavati zima la watu. Kosa la mzee lilikuwa mahali pamoja, Mtakuja tu. Yeye ndiye aliyelichukua akalitandaza barabara nzima, kila mita ikapata sehemu yake, mpaka likafanana na ukweli. Na vijito vilimwambia. Wiki mbili vilimwambia.

"Nipe hicho kitabu," alisema.

"Kimeshaandikwa dada, maji haya..."

"Nipe!"

Akaandika chini ya sahihi ya mzee, wima wima, kalamu ikitoboa karatasi: Mita za mstari zilivutwa barabara nzima ili mwisho uwiane na daftari, bila kuhakiki njia panda, msikiti wala daraja lolote katikati. Nukta hazikukaa juu ya vijito na niliona. Kosa la pili, na ndilo lililoleta watu hapa, ni langu. Akaandika jina lake lote na jina la baba yake.

Twalha alisoma, akamtazama, akaipasua nakala yake akaikunja mfukoni. "Mtaimbo!" akawapigia vijana kelele. "Mtaimbo na nyundo, upande wa kulia kwanza!"

Saruji haikuwa imeshika. Jiwe la kwanza lilitoka kwa mkono wa Nasrin, la pili kwa mtaimbo, na la tatu halikungoja mtu. Maji yalilisukuma yenyewe. Yakatoka kwa kishindo, na majani, na kandambili moja ya mtoto. Kule juu mfereji ukaanza kushuka. Nasrin alisimama na viatu vyake vya ofisi ndani ya tope, akiangalia mzizi wa mgomba mpaka ukaonekana tena wote. Ndipo Bi Sada alipopanda barabarani.

"Ni wewe yule wa ofisini," alisema.

"Ndiye mimi, mama."

"Uliniambia haiwezekani."

Machozi yalimtoka Nasrin, na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na saruji. Bi Sada akainama akalisafisha jembe lake kwenye maji yanayopita. "Haya. Na masika ikija uje uangalie mwenyewe. Siyo kwenye kioo."

Njiani kurudi walisimama Mtakuja. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inalia. Mzee Mwinshehe akazima gari, akakaa na mikono kwenye usukani.

"Kuvuta ndiyo nini?" akauliza. "Ulichoandika."

Nasrin akamweleza, bila kompyuta, kwa vidole kwenye dashibodi yenye vumbi: mwanzo hapa, mwisho hapa, msikiti hapa. Ilitakiwa ashike mahali pengi panapojulikana, kila njia panda, kila daraja, ili kosa lilipotokea libanwe hapohapo. Yeye alishika ncha mbili tu.

"Kwa hiyo mimi peke yangu ningempeleka yule kijana porini," alisema mzee taratibu.

"Ndiyo babu."

"Na wewe ukaona lile daftari ni la Mwinshehe, huwezi kuliuliza."

Nasrin akaitikia kwa kichwa. Mzee naye akatikisa chake, bila hasira, akashuka. Alilitoa gurudumu, akarudisha kaunta sifuri, akaliweka pembeni mwa barabara palepale kinjia kinapoanzia, na wakaondoka pamoja kati ya mikorosho, mzee akisukuma, Nasrin akisoma. Kwenye ngazi ya msikiti kaunta ilisema mia moja na tisini. Akaandika. Kwenda na kurudi, mia tatu na themanini, bila kupungua wala kuzidi. Simu yake ilikuwa haina mtandao, na ndani yake ujumbe kwa Injinia Abdulwahab ulikuwa unasubiri kutoka, ukieleza yote, mpaka la vijito.

"Nibebee," alisema mzee, akavua viatu. "Rudi nalo garini."

Msikiti ule hauna upande wa wanawake. Nasrin akaligeuza gurudumu, akaona tairi lake lina mchanga wa kinjia, na mpini umelainishwa na mikono ya mzee miaka yote ile. Akataka kulisukuma kama kila mtu anavyolisukuma. Badala yake akaliinua, zito kuliko alivyodhani, akalitia begani, na akaanza kurudi barabarani akipepesuka. Katikati ya njia bega lilimuuma akasimama, lakini hakulishusha. Alipofika kwenye pikapu kaunta ilikuwa bado inasoma mia moja na tisini.